Swali la "Bei?" Lililojaza Vyumba Vyangu

Namshukuru Mungu kwamba ninaweza kuyaandika haya nikiwa sina deni. Mwaka 2019 nilichukua mkopo wa sacco, nikajenga vyumba viwili vya wageni nyuma ya nyumba yangu hapa Machakos, kila kimoja na choo chake na bafu lake. Wenzangu watatu walinidhamini kwa akiba zao. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mshahara wa shule ulishe nyumba, vyumba vilipe mkopo. Mji wetu hauko mbali na Nairobi, ni kama kilomita sitini na kitu, na watu wa Nairobi hawakosi sababu ya kuja. Wapo wanaoleta watoto People's Park tangu ilipofunguliwa mwaka 2014, wapo wanaopanda Kituluni kuona maji yanavyoonekana kupanda mlima, wapo mashabiki wa raga wakati wa Masaku Sevens, na wapo wazazi wanaosindikiza watoto Chuo Kikuu cha Machakos. Halafu wapo wale ambao hawahesabiwi kama watalii, nao ndio wengi: watu wanaokuja harusini, kwenye ntheo, au matangani.

Machi 2020 shule zikafungwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya kibinafsi, na shule isiyokusanya karo hailipi mwalimu. Tarehe 6 Aprili serikali ikapiga marufuku watu kuingia na kutoka eneo la jiji la Nairobi. Mpaka wa eneo hilo ulichorwa hadi Athi River, ndani ya kaunti yetu wenyewe, kwa hivyo mji wa Machakos ukabaki upande wa pili. Wageni wangu wote walikuwa upande ule. Vyumba vilikaa na mashuka yaliyopigwa pasi na hakuna aliyeyalalia. Nikaanza kuuza sukuma wiki na nyanya Marikiti ili tule, na sacco ikaendelea kuhesabu riba yake kama kawaida.

Kizuizi kiliondolewa asubuhi ya tarehe 7 Julai, na wiki hiyo hiyo simu ilianza kuita. Watu walikuwa wamechoka kukaa ndani, wakaona picha za vyumba kwenye Instagram na kwenye hali yangu ya WhatsApp, wakaandika. Karibu wote waliandika neno moja: "Bei?" Kila jioni nilikuta ujumbe mpya, lakini vyumba vilibaki vitupu. Hapo ndipo nilipolia kweli. Wakati wa kizuizi nilijua adui yangu ni nani. Sasa watu walikuwa wanauliza, wanajibiwa, kisha wanapotea, na sikujua wanapotelea wapi.

Aliyenionyesha ni binti wa dada yangu, aliyekuwa nyumbani kwa sababu chuo chake nacho kilikuwa kimefungwa. Hakunipa ushauri. Alichukua daftari, akafungua mazungumzo ya nyuma moja baada ya jingine, na kwa kila moja akaandika mambo mawili: mtu aliuliza nini, na neno la mwisho kabla ya kimya lilikuwa la nani. Nawasihi wote wanaofanya kazi hii wafanye hivyo kabla ya kugusa kitu kingine chochote kwenye simu, maana daftari lile lilitufundisha kuliko semina. Maswali yalikuwa machache na yalijirudia: bei, mahali palipo, kama kuna maegesho ya gari, kama maji yapo kweli (Ukambani mgeni ana haki ya kuuliza hilo), na kama watatu wanaweza kulala chumba kimoja. Kimya nacho kilikuwa na sehemu zake mbili. Ya kwanza ilikuwa pale mtu alipouliza saa nne asubuhi nikiwa sokoni na mikono yenye maji, akajibiwa saa mbili usiku. Saa hizo alikuwa ameshapata kwingine. Ya pili ilikuwa pale alipouliza bei, akaandikiwa tarakimu, na mazungumzo yakafia kwenye tarakimu hiyo.

Kimya hiki cha pili kinahitaji kuelezwa. Mtu anayeandika "Bei?" akiwa kwenye matatu hajaamua kuja Machakos. Ameona kitanda kizuri kwenye picha, kidole kimeandika. Ukimjibu "2,500", amepata alichotaka na hana sababu ya kuendelea. Hata kama 2,500 anaiweza, ataweka simu chini akisema ataangalia baadaye, na baadaye ina mambo yake. Ukikataa kumwambia bei na kumwandikia "njoo inbox" au "nipigie", hapo umemfukuza kabisa, kwa sababu anaona bei inapikwa kulingana na sura yake. Kwa hivyo jibu linalofaa lazima litaje bei waziwazi, liseme bei hiyo inanunua nini, kisha limuulize kitu ambacho anaweza kukijibu kwa neno moja bila kufikiri sana. Swali hilo ni tarehe. Mtu akishakutajia tarehe, ameanza kujiona amefika.

Basi tukaandika jibu la kwanza pamoja, tukalipunguza mara kadhaa, likawa hivi:

"Karibu sana. Chumba ni shilingi 2,500 kwa usiku, watu wawili. Ndani ya bei hiyo kuna chai ya asubuhi, maji ya moto, waifai na maegesho ndani ya geti. Tuna tangi letu, maji hayakatiki. Unakuja tarehe gani, na mtakuwa wangapi?"

Sentensi ya maji iliingia kwa sababu ya daftari, kama ile ya maegesho. Tulikataa kuongeza zaidi. Hapo mwanzo binti alitaka kuweka pia habari za televisheni, jiko dogo na umbali wa kwenda mjini, lakini kwenye kioo cha simu jibu linalohitaji kusukumwa juu kwa kidole halisomwi hadi mwisho, na mwisho ndipo swali lilipo. Ukiona watu wanajibu "sawa" badala ya kutaja tarehe, ujue hawakufika kwenye swali. Punguza tena.

Sasa, jibu zuri halina faida likikaa kwenye daftari. Nilikuwa natumia WhatsApp ya kawaida. Tukahamia WhatsApp Business kwa namba ile ile, baada ya kuhifadhi nakala ya mazungumzo, kwa kuwa namba moja haiwezi kukaa kwenye programu zote mbili. Humo unafungua Business tools, kisha Quick replies, unabonyeza alama ya kujumlisha, unaandika ujumbe wenyewe, halafu unaupa jina fupi. Kuanzia hapo, ndani ya mazungumzo yoyote, ukiandika alama ya mkwaju na jina hilo, ujumbe mzima unajitokeza. Jibu langu la kwanza linaitwa hivi:

```
/bei
```

Programu inakubali majibu hamsini, na watu wengi wanapoona nafasi hizo wanataka kuzijaza. Mimi nina tisa na bado naona ni mengi. Majina yake ni ya Kiswahili cha nyumbani ili nisiyatafute: bei, wazi, amana, njia, maji, watoto, jaa, asante. La tisa ni ndugu wa Kiingereza wa lile la bei, kwa sababu mtu akikuandikia Kiingereza ukamjibu Kiswahili cha barua, anahisi anaongea na mtu mwingine. Jambo linalonifurahisha hadi leo ni kwamba mkono mmoja unatosha. Niliweza kuwa na mteja wa nyanya mbele yangu, nikajikausha kidole gumba, nikajibu, nikarudi kwenye mizani. Shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, nilijibu wakati wa mapumziko ya chai wote waliokuwa wameuliza tangu asubuhi, na bado nikanywa chai.

Instagram ni tofauti kidogo. Huko majibu yaliyohifadhiwa yanapatikana ukiwa umegeuza akaunti kuwa ya kibiashara, nayo yanaitwa Saved replies. Jambo kubwa zaidi huko ni kwamba mtu usiyefuatana naye akikuandikia, ujumbe wake mara nyingi hauingii pale unapotazama. Unawekwa kwenye Requests, na wakati mwingine kwenye fungu la pili lililofichwa zaidi. Siku binti alipofungua mafungu hayo tulikuta watu waliouliza chumba wiki nyingi nyuma. Tangu hapo nayafungua kila asubuhi kabla ya kuoga. Na nimejifunza kutomhamisha mtu. Aliyeuliza Instagram nammalizia Instagram mpaka atoe amana. Kila unapomwambia "tuongee WhatsApp" unampa nafasi ya kutofika huko.

Kazi nzima nitaieleza kwa mgeni mmoja, bila kumtaja jina. Ilikuwa Alhamisi jioni. Mwanamke wa Nairobi aliona picha ya chumba, akaandika neno lile lile: "Bei?" Nikatuma jibu la bei. Baada ya dakika chache akajibu: "Jumamosi hii. Tuko watatu, mimi na dada zangu. Tunakuja ntheo." Kwenye hatua hii jibu lililohifadhiwa halitoshi, na ni lazima mtu aandike kwa mkono wake. Niliandika: "Hongereni kwa shughuli. Kwa watatu nina njia mbili: chumba kimoja na godoro la ziada, 3,000, au vyumba vyote viwili, 5,000. Mnapenda ipi?" Hakuna jibu la kuhifadhi linaloweza kujua kwamba dada watatu wanaokuja ntheo watataka kioo na nafasi ya kuvalia, na kwamba asubuhi ile mmoja atachelewa kuoga. Nikaongeza: "Vyumba viwili mtavalia kwa raha."

Akasema: "Wacha niulize dada zangu." Kila mwenye chumba anaijua sentensi hiyo. Kwenye daftari letu ilikuwa kaburi la mazungumzo mengi. Ukijibu "sawa, nijulishe", umemwacha aende. Ukimsukuma alipe sasa hivi, anaudhika, maana kuulizana na ndugu ni jambo la haki. Jibu langu la hapo linaitwa wazi, nalo linasema:

"Vyumba vya tarehe ___ vipo. Naweza kukushikia bila malipo hadi saa ___, baada ya hapo nitampa mwingine akiuliza. Nikushikie?"

Nikajaza Jumamosi na saa tatu asubuhi ya Ijumaa. Mistari ile mitupu iko hapo kwa makusudi, na iko mapema katika ujumbe ili jicho liione kabla kidole hakijatuma. Nimeona wafanyabiashara wakituma ujumbe wenye nafasi tupu katikati, na mteja anajua papo hapo kwamba yeye ni wa foleni. Kuhusu saa, ni lazima iwe ya kweli. Nikisema nitamshikia hadi saa tatu, simpi mtu mwingine kabla ya saa tatu hata akija na pesa mkononi. Saa tatu ikipita, namwandikia aliyeshikiwa mara moja tu, kisha chumba kiko huru. Wageni wa Nairobi wamezoea kuambiwa "zimebaki mbili tu" na watu ambao kila siku zimebaki mbili tu. Wanaijua hila hiyo. Muda unaoheshimiwa pande zote mbili ni kitu kingine, nao wanausikia.

Dada huyo alisema ndiyo, nishikie. Saa mbili na nusu asubuhi akaandika kwamba wamekubaliana vyumba viwili. Hapo nikatuma jibu la amana:

"Amana ni shilingi 1,000 kwa kila chumba, inayobaki mtalipa mkifika. Lipa kwa Till ___, jina litakaloonekana ni ___. Ukighairi saa 48 kabla ya siku, narudisha yote. Ukishalipa niandikie jina lako na saa ya kufika."

Kwa kuwa yeye alikuwa anakuja kesho yake, nilifuta sentensi ya saa 48 na kumwandikia kwamba amana hii hairudi, kwa sababu muda huo ulikuwa umekwisha kupita. Hiyo ndiyo sababu nasisitiza kwamba jibu likishajitokeza usilitume kabla hujalisoma. Sharti lisilomhusu linaweza kukuletea ugomvi mlangoni. Alilipa, nikamtumia njia: barabara ya Mombasa, kuingia barabara ya Machakos pale Makutano ya Kyumvi, hadi mjini, kisha alama ya ramani ya geti langu. Jibu la njia tulilifanyia majaribio kwa kumpa mtu asiyejua mtaa wetu alifuate. Alipopotea tuliongeza alama za barabarani, na alipofika bila kupiga simu tukaliacha.

Kuhusu amana, wengi waliniambia nitawafukuza wageni. Baadhi wanaondoka, ni kweli. Lakini chumba ni kitu kinachooza kila usiku. Nyanya isiyouzwa leo utaipunguzia bei kesho, ila usiku wa Jumamosi uliopita bila mgeni hauuziki tena. Mtu aliyeshikiwa chumba bure na asitokee amekula pesa yangu na ya mgeni niliyemkatalia. Shilingi elfu moja si nyingi kwa anayekuja kweli, na kwa asiyekuja ni nyingi vya kutosha kumfanya aseme ukweli mapema. Ndiyo maana siiombi mwanzoni. Kwanza tarehe, kisha kushikiwa, kisha amana. Ukiiweka kwenye jibu la bei, mtu aliye kwenye matatu anaona unataka pesa kabla hajajua anakuja lini.

Na pesa ikishatumwa, ihakikishe mwenyewe. Picha ya ujumbe wa M-Pesa si malipo. Ujumbe wa kughushi unaandikwa kwa dakika moja, una msimbo wa herufi na tarakimu kumi, una jina lako, una kila kitu ila pesa. Nakagua kwenye simu yangu yenye Till: je, msimbo huo uko kwangu, na salio limepanda? Ujumbe wa namna hiyo ukija kutoka namba ya kawaida ya simu badala ya jina MPESA, huo ni uongo hata kama umeandikwa kwa ufasaha. Jibu langu la asante linatoka baada ya ukaguzi huo tu, na linasema neno "nimepokea" pamoja na kiasi, ili mgeni wa kweli naye atulie.

Kuna mambo ambayo majibu haya hayafai kabisa kuyashughulikia. La kwanza ni msiba. Mji wetu ni wa watu wanaorudi kuzika. Mtu anaandika: "Nataka chumba Ijumaa, tunazika mzee kijijini." Ukimrushia "Karibu sana", chai ya asubuhi na waifai, umemuumiza kwa pesa ambayo angekulipa hata hivyo. Nikiona neno la msiba naweka vidole mbali na mkwaju. Naandika pole, nauliza ni wangapi na wanafika saa ngapi, naeleza bei kwa sentensi moja, na simwombi amana. Kuna mama mmoja mzee aliyekuja kwa msiba wa ndugu yake, nikamwita mwaitu tangu ujumbe wa kwanza. Alipoondoka aliniambia kwamba siku ile yote mimi ndiye niliyemuuliza kama amekula. Baadaye watu wa ukoo wake walinijazia vyumba kwenye kumbukumbu ya mwaka.

La pili ni salamu inayojituma yenyewe. WhatsApp Business inaweza kumtumia salamu kila anayekuandikia mara ya kwanza, au baada ya siku 14 za kimya. Ni nzuri kwa wageni, ila shangazi aliyekaa wiki tatu bila kukuandikia naye atakaribishwa kwenye vyumba vya shilingi 2,500. Kwenye mpangilio wake kuna sehemu ya kuchagua wanaoipokea. Chagua wasiokuwa kwenye orodha yako ya majina. Na salamu hiyo isiahidi kitu. Yangu inasema ujumbe umefika na nitajibu mwenyewe kabla ya saa fulani, basi. Mtu akipata salamu halafu kimya cha saa nane, ni vibaya kuliko kama asingepata chochote.

La tatu ni wale wanaotafuta mahali pa sherehe ya usiku. "Chumba cha watu wawili" kinaweza kugeuka watu kumi na spika. Ishara huwa kwenye maswali yao: majirani wako karibu, mwenye nyumba analala hapo, muziki unaruhusiwa hadi saa ngapi. Siwahukumu, ila nina majirani wenye watoto. Nawaandikia kwa mkono kwamba naishi hapo hapo na geti linafungwa saa nne usiku. Wengi wanashukuru na kwenda kwingine, na hiyo pia ni kazi iliyofanyika vizuri.

Kisha kuna siku ambayo simu yenyewe inakataa. Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Instagram na Facebook zilizimika duniani kote kwa muda wa kama saa sita, na kwetu ilikuwa kuanzia magharibi. Mgeni aliyekuwa njiani hakuipata ramani niliyomtumia. Lililookoa jambo ni daftari. Kila amana inapoingia tunaandika jina, namba ya simu, tarehe na kiasi kwa kalamu, kwa hivyo nilimpigia nikamwelekeza kwa mdomo. Hadi sasa chumba hakijashikwa mpaka kiwe kimeandikwa kwenye daftari, na ndiyo kinga yetu dhidi ya kuuza usiku mmoja kwa watu wawili, mmoja wa Instagram na mwingine wa WhatsApp.

Waliokaa kimya nao siwaachi mara moja. Programu ina lebo za rangi. Aliyetaja tarehe lakini hakulipa nampa lebo ya malipo yanayosubiriwa, na jioni moja kwa wiki nafungua lebo hiyo. Namwandikia mara moja, sentensi moja, yenye habari mpya kwake: kwamba tarehe aliyotaja bado ipo, au kwamba imeshikwa na iliyo karibu ni ipi. Asipojibu, nafuta lebo na simwandikii tena. Mtu aliyeachwa kwa heshima hurudi mwenyewe akiwa na safari. Nimewaona wakirudi baada ya miezi, wakijibu chini ya ujumbe ule ule wa zamani.

Je, vyumba vilijaa mara moja? La. Wikendi zilijaa kwanza, siku za kati zikabaki ngumu, na siku za kati ni ngumu hadi leo, kwa kuwa hakuna ujumbe unaoweza kumleta mtu Jumanne ambayo hana sababu ya kusafiri. Kilichobadilika ni kwamba wale ambao tayari walikuwa na sababu hawakupotea tena njiani. Na hao walitosha. Walilipa sacco mwezi baada ya mwezi hadi nikapewa barua ya kumaliza, na wadhamini wangu wakaachiliwa akiba zao.

Wenzangu wenye vyumba vya wageni hapa Machakos, na popote ujumbe huu utakapowafikia, nina ombi moja kwenu. Acheni kuwajibu watu "njoo inbox" wanapouliza bei mbele ya kadamnasi. Itajeni bei, semeni inanunua nini, muwaulize wanakuja lini. Nanyi mnaotafuta chumba, mkiandika "Bei?" ongezeni tarehe na idadi yenu. Mtajibiwa haraka zaidi.